Maneno ya mvua kwa daftari la wapimaji, safu ya Uporoto

Kwa wapimaji wa vikundi vya viazi mviringo. Orodha hii ikae ndani ya jalada la daftari, isomwe kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Msimu uliopita safu ya maelezo ilijaa neno moja: mvua. Milimita tunazo, lakini hatujui kama maji yale yalishuka kwa nusu saa yakasomba matuta, au yalinyesha taratibu kutwa nzima yakazama. Kwa viazi tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Kipima mvua kinasomwa saa 3 asubuhi kama kawaida, na milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba. Jinsi maji hayo yalivyokuja, hilo litoke kwenye kalamu yako.

KIANGAZI KINAPOISHA (Septemba na Oktoba)

*Kisulisuli.* Upepo wa kuzunguka unaonyanyua vumbi na majani makavu mchana wa jua kali. Hauna uhusiano na kimbunga, msiyachanganye.

*Mawingu kutanda.* Anga limefunga lakini hakuna tone. Andika hata kama kipimo ni sifuri.

*Mvua za kwanza.* Hunyesha siku moja au mbili, kisha jua linarudi wiki nzima. Ndizo zinazotuponza, kwa sababu udongo unaonekana umelowa na watu wanakimbilia kupanda. Chimba kwa jembe, uone unyevu umefika wapi, kisha andika: "mvua ya kwanza, unyevu inchi mbili, chini kukavu." Msimu bado haujaanza hapo.

KIFUKU (Novemba hadi Aprili, huku juu mara nyingi hadi Mei)

Watu wa pwani wana vuli na masika. Sisi nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja mrefu; wengine wanauita kifuku, wengine masika tu. Hapa chini nimeanza na mvua ndogo nikapanda kwenda kubwa.

*Manyunyu.* Matone madogo sana, chini ya nusu milimita kila moja, yanayoelea karibu kama ukungu. Huyasikii kwenye bati. Unatoka bila mwavuli, ukifika shambani nywele na sweta vimelowa. Naomba neno hili lipewe uzito kuliko yote, maana ndilo tunalolidharau. Manyunyu ya siku mbili yanaweza kuacha chini ya milimita 1 kwenye kipimo, na mpimaji akaandika "hakuna mvua". Kumbe majani ya viazi hayakukauka saa zote hizo, na jani lenye maji katika hali ya ubaridi ndipo bakajani chelewa inapoota na kusambaa. Kwa hiyo taja yalianza saa ngapi na yalikoma saa ngapi, na kama majani yalikauka katikati. Mfano: "Manyunyu tangu alfajiri hadi saa 9 alasiri, majani hayakukauka." Mkulima akisoma hivyo anajua lazima akague shamba kesho yake.

*Rasharasha.* Mvua nyepesi ya matone yanayoonekana. Inaanza, inapita, inaisha. Vumbi linatulia, matope hakuna.

*Vipindi vya mvua.* Inanyesha, inaacha, jua linachomoza, inarudi. Neno hili mnalisikia kila jioni kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lisikuchanganye na "mvua za wastani hadi juu ya wastani", ambalo linazungumzia jumla ya msimu mzima ikilinganishwa na kawaida ya miaka mingi, wala si mvua ya leo.

*Mvua ya kutwa.* Haina haraka na haikatiki. Maji yanazama vizuri, mferejini yanapita machafu kidogo tu. Hii ndiyo mvua ya Februari na Machi ambayo Tukuyu wameizoea: upepo wenye unyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unakutana na mteremko wa Rungwe, unapoa, unamwaga. Upande wa pili, Usangu, siku hiyohiyo inaweza kuwa kavu. Kwa hiyo usiandike ulichosimuliwa kwa simu na ndugu wa ng'ambo ya mlima. Andika kilichonyesha kwako.

*Mvua kubwa.* Katika tahadhari za Mamlaka ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Lakini hata milimita 25 zikishuka kwa dakika 40 zinatosha kufukua viazi kwenye mteremko, basi andika muda. Ongeza na ulichokiona: matuta yamekatika, mfereji umefurika, barabara haipitiki.

*Mvua ya mawe.* Mara nyingi huja mchana, baada ya asubuhi ya joto, na hasa msimu unapoanza. Taja ukubwa wa punje (mtama, punje ya hindi, karanga), ilidumu dakika ngapi, na ilipitia mashamba yapi. Huwa inakata njia nyembamba: shamba moja limechanika majani yote, la jirani halijaguswa.

*Radi na ngurumo.* Umeme ni mwanga, ngurumo ni sauti, radi ndiyo inayopiga. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Ukisikia ngurumo hata moja, acha kipimo, toka chini ya mti, ingia nyumbani. Daftari litasubiri.

*Dhoruba.* Mvua kubwa, upepo mkali na radi kwa pamoja. Upepo peke yake si dhoruba. Andika "upepo mkali" na ulichoangusha.

*Kimbunga.* Kinazaliwa baharini, kama Hidaya cha Mei 2024. Huku hakifiki chenyewe. Msiandike neno hili.

*Mafuriko.* Maji yametoka kwenye mto au mfereji yakaingia yasikopaswa. Dimbwi uani si mafuriko.

*Kukatika na kuanuka.* Mvua imekatika: matone yamekoma. Kumeanuka: mawingu yamefunguka na jua limetoka. Tofauti ni kukauka kwa majani, yaani tunarudi kwenye bakajani.

KIPUPWE (Juni hadi Agosti)

Kipimo kitakaa kitupu wiki nyingi, lakini wenye viazi vya mabondeni wanahitaji daftari hata wakati huo.

*Umande.* Maji juu ya majani asubuhi. Andika uliondoka saa ngapi.

*Ukungu.* Andika mwisho wa kuona: mti wa tatu, nyumba ya jirani, au hatua kumi. Makete na Mufindi wanaishi nao. Kwetu unapanda kutoka bondeni.

*Sakitu.* Umande ulioganda, mweupe, unaokwaruzika kwa kucha. Hutokea usiku mweupe wa nyota, usio na upepo, na hukaa mabondeni kwa sababu hewa baridi ni nzito na inateremka. Kule Kitulo si jambo geni. Majani yakiungua yanakuwa meusi kufikia mchana, kwa hiyo pita tena saa 6.

Ukurasa wa mfano

14 Desemba: mm 31. Mvua ya mawe, punje ya hindi, dakika 10, kisha mvua kubwa dakika 35. Matuta ya juu yamekatika.

15 Desemba: mm 0.4. Manyunyu usiku kucha. Majani hayakukauka hadi saa 5.

16 Desemba: mm 0. Kumeanuka tangu saa 2. Madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, mstari wa kwanza na wa pili.