Malalamiko ya kelele kati ya nyumba 3B na 4B

Kwa wapangaji wa nyumba 3B na 4B,

Salaam. Kila mmoja wenu anapokea barua hii hii, neno kwa neno.

Kwa wiki sita sasa ofisi imepokea malalamiko tisa. Sita yametoka 3B: vishindo, viti kuburutwa, mashine ya kufulia kunguruma baada ya saa nne usiku, na mvumo wa maji alfajiri. Matatu yametoka 4B: muziki wenye besi nzito Jumamosi usiku, na dari kugongwa kwa mpini wa ufagio. Wingi wa malalamiko haumfanyi yeyote kuwa mkosaji, ndiyo maana Ijumaa iliyopita fundi alikagua nyumba zote mbili kwa ridhaa yenu.

Mguu mmoja wa mbele wa mashine ya 4B haugusi sakafu. Inapokamua nguo inarukaruka, na mtikisiko unaingia moja kwa moja kwenye zege. Fundi wetu ataisawazisha Jumatatu na kuiwekea vipande vya mpira. Hata hivyo, kukamua huja mwishoni, hivyo anayewasha saa tatu na nusu anakamua watu wakiwa wamelala. Tunaomba 4B ianze kufua kabla ya saa mbili usiku, ibandike vitambaa vizito chini ya miguu ya viti, na itandike zulia lenye sponji chini yake sebuleni.

Spika ya besi ya 3B imekaa sakafuni, kwenye kona. Kona huikuza besi, nayo hupanda kwa ukuta hata sauti nyingine zikiwa chini. Tunaomba iinuliwe juu ya stendi yenye mpira, isogezwe mbali na kona, na besi ipunguzwe kwenye redio yenyewe. Kugonga dari kukome: huamsha nyumba nzima na hakumwambii jirani ni sauti gani inayokera.

Mvumo wa maji wa alfajiri, uliolalamikiwa mara mbili, hautoki 4B. Ni bomba kuu lililolegea kwenye vibano vyake. Hilo ni jukumu letu, na tunaomba radhi kwa kuchelewa kuligundua.

Saa za utulivu katika mkataba ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nyayo za watoto mchana si kosa. Lakini nje ya saa hizo pia, muziki unaotikisa vyombo kwa jirani umepita kiasi.

Jumatano saa kumi na moja jioni 4B itawasha mashine, fundi akisikiliza akiwa 3B. Kisha 3B itapiga muziki, naye apande 4B. Kwa siku 14 baada ya hapo, anayesumbuliwa aandike tarehe, saa ya kuanza na kuisha, aina ya sauti na chumba inakosikika. “Kelele tena” haitusaidii kutafuta chanzo.

Siku ya 15 tutakaa sote watatu ofisini saa kumi na mbili jioni. Atakayekuwa hajatimiza sehemu yake ndiye atakayepewa onyo la maandishi, awe wa juu au wa chini.

Meneja wa Jengo