Rufaa dhidi ya kukataliwa kwa dai la kuongezewa damu kila mwezi

11 Machi 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Rufaa na Malalamiko

Ndugu Meneja,

YAH: DAI NAMBARI 2025-04417, MTEGEMEZI WA PILI, UANACHAMA NAMBARI 80-31962: RUFAA YA HARAKA

Mimi ni mwanachama mkuu wa bima na mama mzazi wa mgonjwa, msichana wa miaka 7 mwenye selimundu ya aina ya SS. Barua yenu ya tarehe 24 Februari ilikataa kugharamia mpango wake wa kuongezewa damu kila mwezi, kwa maelezo kwamba huduma hiyo "si ya lazima kitabibu". Nakata rufaa dhidi ya uamuzi huo, na naomba ishughulikiwe kwa haraka kwa kuwa damu inayofuata imepangwa tarehe 28 Machi.

Sababu mlizotoa ni tatu: hemoglobini yake ni 7.9, kiwango ambacho kwa mwongozo wenu hakihitaji damu. Hajawahi kupata kiharusi, hivyo mpango huu ni kinga, na kinga haimo kwenye mkataba. Na ipo dawa ya kumeza, hidroksiyurea, yenye gharama nafuu zaidi.

Naanza na ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoyumbisha uamuzi wote. Aliyepitia faili aliipima damu hii kama tiba ya upungufu wa damu. Daktari bingwa hakuiombea hilo. Hemoglobini ya 7.9 ni ya kawaida kwa mtoto mwenye selimundu, na kama tatizo lingekuwa hiyo tu, nisingeandika barua hii. Damu imeombwa kwa sababu ya hali ya mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo wake.

Kipimo cha Dopla cha mishipa ya kichwa, TCD, kilichofanyika tarehe 13 Januari kilionyesha damu ikipita kwenye mshipa wa kati wa ubongo upande wa kushoto kwa kasi ya sentimita 214 kwa sekunde. Kilirudiwa tarehe 27 Januari, mtoto akiwa hana homa wala maumivu, kikatoa 221. Majibu yote mawili yako Kiambatisho A. Kasi ya 200 au zaidi ndiyo inayohesabika kuwa si ya kawaida. Mshipa unapobana, damu hulazimika kukimbia, kama mto unavyokimbia unapopita kwenye mlango mwembamba, na kasi hiyo ndiyo dalili inayomtambulisha mtoto aliye karibu na kiharusi kabla hakijampata. Mtoto mwenye kasi hii asipotibiwa ana hatari ya kiharusi ya takribani asilimia 10 kwa kila mwaka.

Lengo la tiba ni kushusha kiwango cha hemoglobini S, ile yenye kasoro inayoleta selimundu, hadi chini ya asilimia 30. Binti yangu alianza akiwa na asilimia 81. Baada ya kuongezewa damu mara mbili, kwa fedha zetu wenyewe, amefika asilimia 52 (Kiambatisho B). Tiba inafanya kazi, ila haijamfikisha salama, na fedha zetu zimefika mwisho.

Ushahidi wa tiba hii hauna utata. Utafiti unaojulikana kama STOP, uliochapishwa mwaka 1998, uliwagawa watoto 130 wenye kasi kama yake katika makundi mawili. Kati ya 67 waliopewa huduma ya kawaida, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 waliopangiwa kuongezewa damu, alipata mmoja. Hatari ilipungua kwa asilimia 92, na utafiti ukasimamishwa mapema ili watoto wa kundi la kwanza nao wapewe nafasi ya kupata damu. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Madaktari wa Damu ya Marekani, ASH, unapendekeza watoto wa miaka 2 hadi 16 wenye TCD isiyo ya kawaida waongezewe damu mara kwa mara kwa angalau mwaka mmoja. Binti yangu yumo ndani ya maelezo hayo kwa umri, kwa aina ya ugonjwa na kwa kipimo.

Kuhusu neno "kinga", naomba mkataba usomwe kama ulivyoandikwa. Kifungu cha 6.3 kinaondoa "uchunguzi wa afya wa kawaida, chanjo za hiari na huduma za ustawi". Huyu ni mgonjwa aliyethibitishwa, ana mshipa uliothibitishwa kuwa na tatizo, na anatibiwa tatizo hilo. Kifungu cha 4.2 kinasema huduma ni ya lazima kitabibu inapohitajika "kutambua, kutibu au kuzuia kuzorota kwa ugonjwa", kwa kufuata viwango vinavyokubalika vya tiba. Maneno "kuzuia kuzorota" mmeyaandika ninyi. Picha ya MRI ya tarehe 3 Februari (Kiambatisho C) inaonyesha kwamba ubongo wake bado hauna jeraha. Barua yenu imeichukulia habari hiyo njema kuwa sababu ya kumnyima tiba. Tukingoja kiharusi ndipo astahili damu, atakuwa ameshapoteza kile ambacho damu hiyo ingemlindia: mkono, usemi, au uwezo wake wa kusoma.

Kuhusu hidroksiyurea: anaitumia tangu akiwa na miaka 4, na rekodi za dawa ziko Kiambatisho D. Kasi imepanda akiwa ndani ya dawa hiyo. Inaelekea aliyepitia faili alikuwa na mawazo ya utafiti wa TWiTCH wa mwaka 2016, ulioonyesha kwamba mtoto anaweza kuhamishiwa hidroksiyurea. Lakini watoto wa utafiti ule walikuwa wameshaongezewa damu kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa, na wenye mishipa iliyoharibika vibaya hawakuhusishwa. Mwongozo wa ASH unaitaja dawa hiyo kama mbadala pale ambapo mpango wa damu hauwezekani. Hospitali yetu inao uwezo huo, na damu inayolingana naye imepatikana.

Daktari wake, bingwa wa magonjwa ya damu kwa watoto, ameeleza haya yote katika barua yake (Kiambatisho E). Ameongeza tahadhari moja ambayo naiomba ipewe uzito. Katika STOP 2, utafiti wa mwaka 2005, watoto 41 waliacha damu baada ya TCD yao kurudi kawaida. 14 walirudia kasi ya hatari na wawili wakapata kiharusi. Katika 38 walioendelea, hakuna aliyepatwa na lolote kati ya hayo. Kukatiza mpango huu katikati si jambo dogo.

Kwa hiyo naomba mambo haya: uamuzi wa tarehe 24 Februari utenguliwe, miezi 12 ya kuongezewa damu iidhinishwe, pamoja na vipimo vya hemoglobini S, ferritini na TCD, na dawa ya kupunguza madini ya chuma pindi yatakapozidi mwilini, na turejeshewe gharama za mara mbili tulizolipa, ambazo risiti zake ziko Kiambatisho F. Faili lipitiwe na bingwa wa magonjwa ya damu ambaye hakuhusika na uamuzi wa awali, naye azungumze na daktari wetu kwa simu kabla ya kuamua.

Nahitaji jibu la maandishi kabla ya tarehe 21 Machi. Mkishikilia uamuzi wenu, nipeni vigezo vya kitabibu mlivyotumia na taaluma ya aliyevitumia, ili niwasilishe shauri kwa mamlaka inayosimamia bima na kuomba mapitio huru. Napatikana wakati wowote kwa simu iliyo kwenye kumbukumbu zenu.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mama mzazi wa mgonjwa
Mwanachama mkuu, nambari 80-31962

Nakala: Daktari bingwa anayemtibu, Ofisi ya bima ya hospitali