Karatasi ya Mazoezi: Kunyambua kwa Kanuni ya Kipeo na Kanuni ya Mnyororo

Darasa la Jumamosi, Umoja, Nairobi. Saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Njoo na kalkuleta na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani, maana leo tutafuta sana.

Kunyambua ni neno mnalolijua kutoka kwenye vitenzi: kutoka *piga* tunapata *pigia*, *pigwa*, *pigana*. Hapa tunachukua y na kutoka kwake tunapata dy/dx, yaani mteremko wa mchoro mahali popote tunapotaka. Alama hiyo ya dy/dx ni ya Leibniz, aliyeichapisha mwaka 1684, na mtaona kwamba inatusaidia kukumbuka kanuni ya pili.

Kanuni ya kipeo

Hii mliisoma Kidato cha Nne. Kipeo kinashuka mbele kuzidisha, kisha kinapungua kwa 1:

```
y = ax^n    dy/dx = n·a·x^(n-1)
```

Namba iliyosimama peke yake inapotea. Kabla ya kunyambua, kila kitu kiandike kama kipeo: √x ni x^(1/2), na 1/x³ ni x^(-3). Kipeo hasi nacho hupungua, kwa hiyo -3 inakuwa -4. Wengi huandika -2, mjihadhari hapo.

Kanuni ya mnyororo

Fikiria baiskeli ya muuza maji. Akizungusha kanyagio mara 1, gurudumu la nyuma linazunguka mara 3. Kila mzunguko wa gurudumu unamsogeza mita 2. Basi kila mzunguko wa kanyagio unamsogeza 3 × 2, mita 6. Hatukujumlisha, tulizidisha, kwa sababu badiliko moja linalisukuma jingine. Mabano yenye kipeo ni vivyo hivyo: x inabadilisha kilicho ndani, na kilicho ndani kinabadilisha y. Kilicho ndani tukiite u:

```
dy/dx = dy/du × du/dx
```

Mfano: y = (3x² − 5)⁴. Ndani kuna u = 3x² − 5, na du/dx ni 6x. Nje kuna u⁴, na dy/du ni 4u³. Zizidishe:

```
dy/dx = 4(3x² − 5)³ × 6x = 24x(3x² − 5)³
```

Mabano yabaki kama yalivyo. Usiweke 6x ndani ya mabano. 6x inakaa nje, ikizidisha.

Kukagua jibu lako mwenyewe

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike karatasi hii. Siku ya mtihani mwalimu hayupo wa kukuwekea alama ya vema, na mimi sitaki mtu atoke darasani humu akiwa bado anauliza, "Mwalimu, ni sawa?" Kalkuleta yako inaweza kukujibu.

Mteremko ni badiliko la y ukigawa kwa badiliko la x. Basi chagua x moja, sogea kidogo mbele, sogea kidogo nyuma, upime:

```
[y(x + 0.001) − y(x − 0.001)] ÷ 0.002
```

Tuukague mfano wetu penye x = 2. Kanuni inasema 24 × 2 × 7³ = 16464. Sasa kalkuleta:

```
y(2.001) = (3×2.001² − 5)^4 = 2417.510522
y(1.999) = (3×1.999² − 5)^4 = 2384.582383
tofauti  = 32.928139
÷ 0.002  = 16464.07
```

Zimekubaliana. Ile 0.07 ya ziada haitokani na kosa lako. Inatokana na kwamba 0.001 si sifuri. Usikadirie y katikati ya hesabu. Andika tarakimu zote ambazo kalkuleta inakuonyesha, maana unatoa namba mbili zinazokaribiana sana na tarakimu za mwisho ndizo zenye habari.

Jumamosi iliyopita mmoja wenu alileta 4(3x² − 5)³ kwa swali hili hili. Penye x = 2 inatoa 1372, ilhali kalkuleta inasema 16464.07. Tuligawa kubwa kwa ndogo ubaoni na tukapata 12, karibu kabisa. Je, 12 ni nini? Ni 6x penye x = 2! Ukaguzi ulimwambia kwamba amekosea, tena ukamwonyesha kipande alichosahau. Kwa hiyo majibu yasipokubaliana, usifute kwanza. Gawa, kisha uliza namba uliyopata inafanana na nini. Ukipata 2 au -1, huenda ni kizidishi au alama ya kutoa iliyopotea. Ukipata du/dx, umesahau mnyororo.

Mtego mmoja: usikague penye x = 0 wala x = 1. Penye 1, 3x² na 3x³ zote ni 3, na kosa la kipeo linajificha. Angalia na mabano pia. Kwa (2x − 3)⁵, x = 2 inafanya mabano yawe 1, na hapo hutaona kama umesahau kupunguza kipeo. Nataka mabano yasiwe 0, 1 wala -1.

Maswali

Nyambua kwanza, kagua kila jibu, ndipo uendelee. Kando ya jibu andika x uliyotumia na namba mbili ulizolinganisha. Jibu lisilo na ukaguzi nitalirudisha, hata likiwa sahihi.

1. y = 5x⁴ − 3x² + 7
2. y = 6√x
3. y = 4/x³
4. y = (x⁵ − 4x²)/x² (gawa kwanza, usikimbilie kunyambua)
5. y = (2x − 3)⁵
6. y = (x² + 1)³. Kisha fungua mabano, unyambue tena kwa kanuni ya kipeo pekee. Njia zote mbili lazima zikutane.
7. y = √(4x + 9)
8. y = 1/(5 − 2x)²
9. y = (3x² − x)⁴
10. Mama anasukuma chapati. Nusu kipenyo chake ni r = 4 + 0.5t, kwa sentimita, na t ni sekunde. Eneo ni A = πr². Eneo linaongezeka kwa kasi gani penye t = 6?
11. Tangi la lita 1000 juu ya paa linamwagika kupitia bomba la chini. Maji yanayobaki baada ya dakika t ni V = 1000(1 − t/40)². Maji yanatoka kwa kasi gani penye t = 0, na penye t = 20? Jibu lako litakuwa hasi; eleza kwa nini, na kwa nini kasi inapungua tangi linapoelekea kuisha.

Namba za kulinganisha

Fomyula sitoi. Maswali ya 10 na 11 yana t zake. Kwa mengine, hizi ni thamani za dy/dx penye x = 3, isipokuwa swali la 8 ambalo nimetumia x = 1.5. Niandikie kwa nini 3 haifai hapo.

1: 522. 2: 1.7321. 3: −0.1481. 4: 27. 5: 810. 6: 1800. 7: 0.4364. 8: 0.5. 9: 940032 (kalkuleta itapishana nayo kwa karibu 0.8, usishtuke, namba yenyewe ni kubwa). 10: 7π, karibu sentimita mraba 22 kwa sekunde. 11: −50 kisha −25, lita kwa dakika.

Ukipata tofauti na hizi, njoo na ukaguzi wako tuutazame pamoja kabla ya saa 5:00.