Nukta Sita Mtoni

Tazameni mchoro huu vizuri, watoto. Umechorwa kwa makala juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na jua limepakwa kwa udongo mwekundu. Kile kivuli cha pembeni, kule chini, si mnyama. Ni mkono wa mtu aliyepiga picha kwa simu. Kiacheni.

Hesabuni wanyama walio kando ya mto. Nyati mmoja, kuro mmoja, mama ngiri na watoto wake wawili, tembo mkubwa na mjukuu wake. Juu ya mti yuko fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Wote wamekuja kunywa maji, na hakuna hata mmoja anayekunywa. Sasa tazameni katikati ya mto. Mnaona nukta sita nyeusi?

Mto huo ni Rutshuru. Hapa Goma hatuna mto: mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye nyufa za mawe meusi ya volkano, nasi tunabeba bidoni kwenda ziwani. Rutshuru uko kaskazini mwetu. Unapita katika mbuga ya Virunga na kumwaga maji yake kwenye Ziwa Edward.

Jioni ile, ndama wa tembo aliyeitwa Bahati alifika wa kwanza. Alikuwa na umri wa miezi mitatu na kiu ya kutwa nzima. Aliteremka mbio kwenye kijia cha mtoni, akateleza, puu! Magoti yote mawili yakazama kwenye tope. Alipotaka kuinuka aende majini, mkonga mzito ukamzunguka kifuani.

“Simama hapo hapo,” akasema Koko Tembo.

“Koko, nina kiu!”

“Najua. Kwanza tazama maji.”

Bahati akatazama. Maji yalikuwa ya rangi ya dhahabu, na juu yake zilielea nukta sita. Mbili zilikuwa zikichezacheza. Mbili zilikuwa ziking’aa. Mbili zilifunguka, zikapuliza fyuuu, kisha zikafunga.

“Ni mawe,” akasema Nyati.

“Mawe hayapumui,” akajibu Kuro, akarudi nyuma hatua moja.

“Basi ni vyura sita,” wakasema watoto wa Ngiri kwa pamoja.

Koko Tembo akatikisa masikio. “Nukta mbili ni masikio, mbili ni macho, mbili ni pua. Zote ziko juu ya kichwa, ili mwenyewe asikie, aone na apumue huku mwili wote ukiwa umezama. Huyo ni Kiboko. Chini ya nukta hizo kuna uzito wa mifuko thelathini ya saruji.”

Wote wakanyamaza. Kiboko naye akanyamaza. Jua likashuka kidogo. Wanyama walimwogopa Kiboko, kwa hiyo hawakuingia majini. Kiboko aliona wanyama wengi wamesimama mbele yake, kwa hiyo hakutoka. Jua likashuka tena.

“Atatutazama mpaka lini?” akauliza Bahati.

Fundichuma alikuwa juu ya mti, akipanga kijiti kwenye kiota chake. Kiota cha fundichuma si kiota cha kawaida: kina vijiti elfu kadhaa, ndani kimesiribwa kwa udongo, na paa lake linaweza kubeba mtu mzima bila kuvunjika. Kutoka juu ya paa hilo, ndege aliona jambo ambalo walio chini hawakuliona.

“Jambo yenu!” akaita. “Mnajua mmesimama wapi?”

“Kando ya mto,” akasema Nyati.

“Mmesimama mlangoni kwa mtu. Angalieni chini ya miguu yenu.”

Wakaangalia. Kijia kilikuwa kimechimbika kama mfereji, kwa sababu kilikanyagwa kila usiku. Kwenye majani ya pande zote mbili palikuwa na mavi makavu yaliyotawanyika. Watoto wa Ngiri wakacheka.

“Msicheke,” akasema Fundichuma. “Kiboko hutawanya mavi yake kwa mkia ili njia yake ijulikane. Mchana anakaa majini, maana ngozi yake inakauka vibaya juani. Jua likizama anatoka kwenda kula majani, usiku kucha, na anapita hapo hapo mliposimama. Ana njaa. Anawangoja ninyi.”

“Kumbe!” akasema Kuro. “Sisi tunamngoja yeye, na yeye anatungoja sisi.”

“Twendeni upande wa chini,” akasema Nyati, akageuka.

“Hapana, mwanangu,” Koko Tembo akamzuia. “Kiboko akitoka atachafua maji, na tope litashuka na mto. Upande wa chini tutakunywa tope lake. Twendeni juu, mto unakotokea. Hatua hamsini, si tano, apate kupita bila hofu.”

Wakaenda. Huko juu maji yalikuwa safi, lakini ukingo ulikuwa mrefu na umesimama wima kama ukuta. Nyati alifika majini kwa kuruka. Kuro naye akaruka. Watoto wa Ngiri walitazama chini, wakaanza kulia.

Koko Tembo hakusema kitu. Aliweka mguu mmoja wa mbele ukingoni, akausukuma udongo, ukamomonyoka. Akasukuma tena, mpaka ikapatikana njia ya kuteremka, lakini udongo ukachafua maji. Kisha akachimba shimo kwenye mchanga karibu na maji, lenye kina cha mkono wa mtu. Maji yakaanza kupanda shimoni, meusi kama chai ya rangi.

Bahati akatumbukiza mkonga, akavuta. “Hachiii!” Tope likamrukia Kuro usoni.

“Maji ya kwanza hayanywewi,” akasema Koko Tembo. Akayavuta yote kwa mkonga wake, lita nane hivi kwa mvuto mmoja, akayamwaga mbali. “Mchanga unayachuja. Ngojeni.”

Wakangoja. Shimo likajaa polepole, na safari hii maji yalikuwa meupe mpaka nyota ya kwanza ilionekana ndani yake.

Watoto wa Ngiri wakapiga magoti ya mbele, kama ngiri wanavyofanya wakila, wakanywa. Bahati alijaribu tena mkonga. Maji yakapanda, akayapeleka mdomoni, yakamwagikia shingoni. Akajaribu mara ya pili. Yakaingia sikioni.

“Koko, mkonga wangu umeharibika!”

“Haujaharibika. Bado haujajua kazi. Mimi nilipokuwa na umri wako nilikunywa kwa mdomo.”

Bahati akawatazama watoto wa Ngiri. Akakunja magoti yake ya mbele, yale yale yenye tope, akainama, akageuza mkonga pembeni na kutia mdomo majini. Glu, glu, glu. Tumbo likawa baridi na zito.

Kule chini, maji yakapasuka kwa kishindo. Nukta sita zikapanda, chini yake kukatokea shingo, kifua na tumbo pana. Kiboko akapanda kijia chake, maji yakimchuruzika. Alipofika juu alisimama, akageuza kichwa upande wao.

“Aksanti,” akasema kwa sauti nzito, akaingia gizani. Muda mfupi baadaye wakamsikia akikata majani: kratu, kratu, kratu.

Lakini kwenye mchoro Kiboko bado hajatoka. Tazameni tena: nukta sita ziko pale pale, jua limebaki nusu, na magoti ya yule ndama mdogo yamepakwa makala meusi.