Rasimu ya Sura ya Nne: maswali matatu kabla ya kikao cha Alhamisi

Shikamoo Profesa,

Nimeambatisha rasimu ya pili ya Sura ya Nne (faili `Sura4_rasimu2.docx`, kurasa 28). Najua una tasnifu nyingine mezani, kwa hiyo ukipata nafasi ya kusoma kurasa chache tu, naomba ziwe za 9 hadi 16, yaani sehemu ya 4.3. Hapo ndipo hoja yangu ya ngeli za maneno ya mkopo inapoegemea, na hapo ndipo sina hakika kama imesimama.

Nadai kuwa neno la mkopo hupewa ngeli kufuatana na linavyosikika mwanzoni, kabla maana haijaangaliwa. Kitabu hakinisumbui: katika Kiarabu ile k ni ya mzizi, lakini sikio la Mswahili lilisikia ki- na tukapata vitabu. Kipilefti kikafuata njia hiyohiyo, tukapata vipilefti. Kinachoninyima usingizi ni kilo na kilomita. Yote mawili yanaanza na ki- waziwazi, ila hakuna anayesema "vilo viwili". Tunasema kilo mbili, kilomita tatu. Mwanzoni nilidhani kilo limeponyoka kwa ufupi wake, maana ukiondoa ki- inabaki silabi moja. Lakini kiti nacho ni hivyo hivyo na kina viti, tena kilomita si fupi hata kidogo. Sasa nimeandika (uk. 13) kwamba vipimo vinavutana: mita, lita, tani na gramu vyote viko I-ZI, na kilo likawafuata wenzake.

Swali la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: je, hili linanilazimu kuandika dai lenyewe upya, niseme mwanzo wa neno ndio unaoamua isipokuwa pale neno linapoingia kwenye kundi la maana lililokwisha kujengeka? Au inatosha nilitaje kama mpaka wa dai? Naelekea kuliandika upya. Ninachosita ni kwamba nikifanya hivyo nitalazimika kurudi Sura ya Pili na kubadilisha mfumo wa nadharia uliokwisha kuupitisha.

Swali la pili linahusu klabu (uk. 15). Katika data yangu mwandishi mmoja, ndani ya aya moja, ameandika "klabu hii" na sentensi mbili baadaye "vilabu hivi". Umoja umekaa I-ZI, wingi umehamia KI-VI. Wakati huohuo "kilabu cha pombe" limetulia KI-VI katika umoja na wingi. Nimelichukulia kuwa neno moja lenye maumbo mawili: irabu i iliingizwa kuvunja kl, umbo kilabu likapatikana, ki- ikasikika kama kiambishi, na wingi vilabu ukabaki hata kwa wale wanaoandika klabu. Je, unaona mfuatano huo unatetewa na mifano niliyonayo, au unahitaji ushahidi wa maandishi ya zamani zaidi? Kama unahitaji, nianze kuutafuta sasa, kwa sababu ndio kazi itakayochukua muda mrefu zaidi.

La tatu ni dogo. Kwenye Jedwali 4.2 nimepanga maneno kwa upatanisho peke yake, si kwa kiambishi cha wingi. Kwa hiyo daktari liko A-WA ("madaktari wamefika") japo wingi wake una ma-, na basi limehesabiwa mara mbili kwa kuwa wengine husema limefika na wengine imefika. Ndiyo au hapana yako inanitosha.

Maoni yako ya rasimu ya kwanza, kwamba nitenganishe mikopo ya zamani na ya karibuni, nimeyafanyia kazi katika 4.2. Sehemu ya 4.6 bado ni vidokezo tu, tafadhali iruke. Tahajia na marejeleo pia usihangaike nayo. Nitayapitia mwenyewe hoja ikishatulia. Sura iliyopita nilikuandikia "naomba maoni" bila kusema ninapokwama, ukatumia muda wako mwingi kwenye aya ambazo baadaye nilizifuta. Sikutaka nikutwishe mzigo ule tena.

Unaweza kuandika pembeni mwa faili, kunitumia sauti, au tuzungumze Alhamisi saa nne kama tulivyopanga. Ukiwahi kujibu swali la kwanza tu kabla ya siku hiyo, nitakuja na dai limeandikwa kwa namna zote mbili ili tuzilinganishe. Daftari la mifano ya klabu nitakuja nalo vyovyote itakavyokuwa.

Nakushukuru sana, Profesa.

Mwanafunzi wako,
Rehema