Makadirio ya Gharama za Kuhamisha Ofisi: Ngamiani kwenda Chumbageni

Kwa: Mkurugenzi na wabia
Kutoka: Mhasibu

Mkataba wa Barabara ya 8 unaisha 30 Septemba, wa Chumbageni unaanza 1 Agosti. Mafundi watafanya kazi Agosti nzima, tutahama wikiendi ya mwisho wa mwezi huo. Kiasi chote ni shilingi.

Kodi mbili kwa pamoja: 1,550,000
Agosti tutalipia Chumbageni 900,000 huku bado tumekaa Ngamiani. Septemba tutalipia Ngamiani 650,000 huku pakiwa patupu. Hapa ndipo pa kubana. Mwenye nyumba mpya akitupa wiki mbili za bure kwa ajili ya mafundi, tunaokoa 450,000. Nashauri tuliombe hili kabla ya kusaini, tukishasaini hatatusikiliza.

Ukarabati: 4,040,000
Kuta za jipsamu na alumini 1,850,000
Umeme na nyaya za mtandao 780,000
Grili za mlango na madirisha 640,000
Rangi 420,000
Bango 350,000

Grili zisipunguzwe, tunatunza nyaraka za mizigo ya watu.

Kuhama: 720,000
Fuso tripu mbili 240,000, wapagazi sita 180,000, maboksi na kamba 80,000, kung'oa na kufunga eisii mbili 220,000.

Kazi kusimama: 660,000
Ijumaa na Jumatatu tumefunga, Jumanne na Jumatano tunafanya nusu. Jumla siku tatu. Kwa siku tunaingiza wastani wa 380,000, yaani 1,140,000. Nimehesabu nusu tu, 570,000, kwa kuwa wateja wengi watasubiri. Wasiosubiri ni wenye makontena bandarini, maana gharama za kuhifadhi mzigo zinawakimbiza. Kadhia zao zimalizwe Alhamisi. Bando na mafuta ya jenereta 90,000.

Mengineyo
Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 108,000. Dharura, asilimia 10 ya ukarabati na kuhama: 476,000.

Jumla ya gharama: 7,554,000

Fedha taslimu zinazohitajika ni nyingi zaidi, 13,034,000 hadi mwisho wa Septemba. Humo mna kodi ya miezi sita mbele (5,400,000), dhamana ya mwezi mmoja (900,000) na kodi ya Ngamiani ya Agosti na Septemba (1,300,000). Dhamana si gharama, ni fedha yetu iliyofungiwa. Ile ya zamani, 650,000, sikuiingiza: tutaihesabu ikishafika mkononi.

Jambo moja la TRA. Katika 5,400,000 tunazuia asilimia 10, yaani 540,000, mwenye nyumba anapokea 4,860,000. Dalali anadai mzee anataka 5,400,000 kamili mkononi. Tukikubali, kodi halisi inakuwa 6,000,000, na bajeti hii inapanda kwa 600,000. Mkataba utamke wazi kwamba 900,000 ni kabla ya kodi ya zuio.

Naomba idhini kabla ya 15 Julai. Fundi wa alumini anataka nusu ya malipo yake ndipo aagize vifaa.