YAH: Ombi la kusogeza tarehe ya kukabidhi mfumo wa ununuzi wa mwani, kutoka 30 Juni hadi 21 Julai 2025

Wete, Pemba
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Meneja wa Ununuzi,
Chake Chake.

Bi Salma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai Idd imekupitieni salama, wewe na wenzako wa afisini.

Naandika kuomba tarehe ya kukabidhi mfumo isogezwe kutoka Jumatatu ya 30 Juni hadi Jumatatu ya 21 Julai. Hizo ni siku 14 za kazi, nikiiacha Sabasaba nje. Siku 10 zinatokana na kazi zilizoongezwa baada ya kusaini orodha ya tarehe 5 Mei, na siku 4 zinatokana na muda ambao kazi ilikwama kwa kusubiri vitu visivyokuwa mikononi mwetu. Hesabu yote imetoka kwenye Jira, ubao uleule ambao wewe na mhasibu wako mna ruhusa ya kuuona, na hapa chini naeleza nilivyoifikia ili uweze kuikagua mstari kwa mstari.

Nianze na kazi za nyongeza. Ziko tano, na kila moja ilifunguliwa siku ileile mlipotuagiza. MWN-31 ni ya tarehe 14 Mei: bei ya spinosamu na ya kotonii zitengwe, na kila kituo kiweze kuwa na bei yake. Ilichukua saa 14 na imeshamalizika. MWN-47 na MWN-52 zimekuja juzi tu, tarehe 11 Juni. Ya kwanza ni ripoti ya marobota yanayotoka kwenda bandarini, saa 10. Ya pili ni kupima mara ya pili ghalani ili ionekane mzigo umepungua kiasi gani tangu uliponunuliwa ufukweni, saa 18. Hizi mbili bado hatujazigusa.

Zilizobaki mbili ndizo nzito, na naomba nizieleze kwa kirefu kwa sababu kwenye ubao zinaonekana kama mistari miwili ya kawaida.

MWN-38, ya tarehe 20 Mei, inahusu kamba na taitai mnazowakopesha wakulima. Ombi lilikuwa mfumo umkate mkulima kidogo kidogo kila anapouza, mpaka deni liishe. Kwa mkulima mmoja anayeuza kituo kimoja, hilo ni jambo jepesi. MWN-44, ya tarehe 26 Mei, ilikuja baada ya ile safari ya Kiuyu Mbuyuni, simu za makarani zilipokosa mtandao na mwani umeshapangwa mbele ya mizani. Mkatuagiza karani aweze kuandika bila mtandao, na taarifa zijitume zenyewe baadaye. Peke yake, hilo nalo linawezekana bila ya tabu kubwa.

Tabu iko pale zinapokutana. Mwanamke akiuza asubuhi Tumbe na bintiye akapeleka mzigo mwengine kwa namba yake hiyohiyo kituo cha pili, simu zote mbili zikiwa hazina mtandao, kila simu itaona deni lote bado liko pale pale na kila moja itamkata. Jioni taarifa zikifika makao makuu, mama wa watu ameshakatwa mara mbili. Karani naye akibonyeza kutuma, akaona kimya, akabonyeza tena, risiti moja inaweza kuingia kama mbili. Kwa hiyo tumelazimika kuifanya kila simu itoe namba yake ya risiti isiyogongana na ya simu nyengine, na kuifanya seva ikatae namba iliyokwishaipokea. Makato ya mkopo yameondolewa kwenye simu, sasa yanafanyika makao makuu pekee, baada ya risiti zote za siku kufika. Ufukweni karani ataona tu kwamba mkulima ana deni, hatamkata yeye. Nadhani hata bila ya suala la mtandao hivi ni bora zaidi, maana inamwondolea karani mzozo asiouweza na watu anaoishi nao kijiji kimoja.

MWN-38 imekadiriwa saa 32, na 22 zimeshafanyika. MWN-44 ni saa 46, na 18 zimefanyika. Ukijumlisha zote tano unapata saa 120. Wanaoandika programu kwetu ni wawili, na tangu mwanzo wa mkataba tumehesabu saa 6 za kazi yenyewe kwa kila mmoja kwa siku, yaani 12 kwa siku. Ndipo zikapatikana siku 10.

Sasa upande wa kukwama. Hapa naomba uniangalie kwa makini, kwa sababu ukiufungua ubao utaona siku nyingi zaidi kuliko ninazoziomba. Hali ya "Imekwama" imewekwa kwenye kazi tatu, na jumla yake ni siku 24 za kazi. Mimi naomba 4. Kazi kukwama si lazima mtu akae bure: mara nyingi tulimhamishia kwenye kazi nyengine, na saa hizo zimeshahesabiwa huko alikohamia. Ningezidai tena hapa, ningekuwa nauza pishi moja mara mbili.

MWN-22 ni kuunganisha mizani na simu. Ilikaa imekwama tangu 21 Mei hadi 3 Juni, siku 10 za kazi, tukisubiri mizani za aina mliyoichagua zifike Mkoani kwa meli. Katika siku hizo, mwenzetu anayeshughulika na mizani alifanya MWN-31, MWN-38 na mwanzo wa MWN-44 kwa siku 7. Siku 3 hakuwa na kazi isiyotegemea mizani. Ninazohesabu ni hizo 3, sawa na saa 18.

MWN-29 ni malipo ya simu. Ilikwama tangu 28 Mei hadi 11 Juni, tukisubiri kampuni ya simu itufungulie akaunti ya majaribio. Ijumaa na Jumatatu zilizoizunguka Idd tulifunga wenyewe na ratiba ya mwanzo ililijua hilo, kwa hiyo nimezitoa, zikabaki siku 9. Siku 4 kati ya hizo mwenzetu wa pili alizitumia kwenye uchapishaji wa risiti, kazi iliyokuwemo tangu mwanzo. Siku 5 zilipotea, maana kila kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kinapita kwenye malipo. Hizo ni saa 30.

MWN-35 ni kuingiza orodha ya wakulima na namba zao za simu. Ilisubiri siku 5 mpaka mlipotuletea orodha, lakini hakuna aliyekaa bure kwa ajili yake. Haimo katika ombi hili.

Saa 18 na saa 30 ni saa 48, nazo ni siku 4 za watu wawili. Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, nakili mstari mmoja mmoja kati ya hii miwili kwenye sehemu ya kutafutia ya Jira. Wa kwanza unatoa kazi za nyongeza, wa pili unatoa zilizowahi kukwama:

```
project = MWN AND labels = nyongeza ORDER BY created ASC
project = MWN AND status WAS "Imekwama" DURING ("2025-05-05", "2025-06-17")
```

Ukifungua kazi yoyote kati ya hizo, kwenye historia yake utaona nani aliibadilisha hali na siku gani, na saa zilizoandikwa kila siku.

Najua tarehe ya 30 Juni haikuchaguliwa ovyo. Mlitaka mfumo uwe tayari kwa mwani utakaovunwa kwenye bamvua la mwezi mpevu wa 10 Julai, jua hili la kusi likiwa zuri la kuanikia. Tarehe ninayoiomba inalikosa bamvua hilo na kuliwahi la mwezi mwandamo wa 24 Julai. Sitaki mlikose lote. Napendekeza tarehe 30 Juni ileile tukukabidhini sehemu iliyo tayari, yaani kupima, bei mbili na risiti, na muitumie kituo cha Tumbe peke yake huku karani akiendelea na daftari lake kama kawaida. Malipo yatolewe kwa mkono kama sasa. Mwenzetu mmoja atakuwepo hapo siku za kununua. Mambo ambayo makarani watayalalamikia tutayajua mapema, kabla vituo vyengine havijaingia.

Ikiwa hata 21 Julai ni mbali kwenu, kuna njia ya kuifupisha: MWN-47 na MWN-52 zisubiri awamu ya pili. Zote mbili ni kazi za ghalani na bandarini, hazimgusi mkulima. Tukiziweka kando tunaweza kukabidhi Alkhamisi ya 17 Julai. Mimi binafsi ningeiacha MWN-47 isubiri bila ya kusita. MWN-52 siko na hakika nayo, kwa sababu mhasibu wako aliisisitiza sana, na huenda ana sababu asizozisema mbele ya watu wa vituoni. Ongea naye kabla ya kuamua.

Siwezi kuzipunguza MWN-38 na MWN-44. Mfumo wa kununulia mwani unaotaka mtandao ufukweni utaachwa wiki ya kwanza, makarani watarudi kwenye daftari na hawatausogelea tena.

Tarehe mpya inategemea mambo mawili kutoka kwenu. La kwanza, ombi lolote jipya kuanzia leo liingie kwenye orodha ya awamu ya pili, isipokuwa wewe mwenyewe uandike kwamba lina dharura na ukubali siku zake. Ombi la simu kutoka kituoni tutalipokea kwa heshima na kuliandika, ila hatutalianza. La pili, akaunti halisi ya malipo lazima isainiwe na kampuni yenu, nasi hatuwezi kuiombea. Ikiwa wazi kufikia Ijumaa ya 4 Julai, tunaenda sawa. Ikichelewa, sehemu ya malipo itachelewa siku hizohizo, na mengine yote yatakabidhiwa 21 Julai bila ya kusubiri.

Barua hii inaomba siku, haiombi pesa. Gharama ya kazi za nyongeza itazungumzwa kwa kifungu cha 7 cha mkataba, na mpaka sasa hatujatoa ankara yoyote kwa ajili yake. Ninachoomba ni kwamba makato ya kuchelewa yaliyomo kwenye kifungu cha 9 yahesabiwe kuanzia tarehe mpya.

Naomba jibu kabla ya kufunga afisi Ijumaa hii, 20 Juni, ili Jumatatu tujue kama tunapanga watu wa Tumbe au hapana. Likiwa ni kukubali, saini nakala ya pili ya barua hii na uirudishe kwa kijana aliyeileta. Ukiwa na shaka na saa yoyote niliyoitaja, nipigie tu. Alkhamisi nitakuwa Chake Chake kutwa na naweza kupita afisini tukaufungua ubao pamoja na mhasibu.

Wabillahi tawfiq.

Hamad
Msimamizi wa mradi

Nakala: Mhasibu